Samaki Mwenye Nyuzi na Safari ya Kumtafutia Jina

Samaki niliyemtafutia jina hakuwa mkubwa. Ukiziweka kando nyuzi zake, mwili ulikuwa na urefu wa sentimita 14, ulienea kiganjani, na ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukimtazama kwa mbele huoni zaidi ya mstari wa fedha na macho mawili. Lakini kwenye pezi la mgongoni na pezi la chini zilichomoza nyuzi nyeusi, ndefu kuliko mwili wenyewe mara kadhaa, nazo zilikuwa zimejisokota kwenye macho ya wavu kama nywele zilizonaswa kwenye kitana. Tulikuwa tumezingira dagaa usiku kwa taa, juu ya maji yenye kina, na alfajiri wakati wa kuchambua ndipo nilipomwona katikati ya lundo, bado akifungua na kufumba mdomo.

Nilimwonyesha nahodha wetu, mzee aliyevua miaka mingi kabla mimi sijashika kasia. Alimtazama kidogo tu. "Hao wapo," aliniambia. "Huingia mmojammoja, tunawatupa. Hawana jina." Jibu hilo ndilo lililoniingiza katika shughuli hii, kwa sababu sikuelewa inawezekanaje samaki awepo miaka yote hiyo, aonekane na watu wanaoishi kwa samaki, kisha akose jina. Ninaandika kwa ajili ya mvuvi mwenzangu atakayekutana na jambo kama hili, ili ajue mapema kwamba picha moja nzuri haitoshi na ajue ni nini hasa atakachoulizwa.

Jambo la kwanza ni kumtoa samaki wavuni akiwa mzima. Ukivuta nyuzi za namna ile zinakatika, na zikikatika umepoteza alama ambayo mtu yeyote angeanza nayo. Nilikata macho mawili ya wavu badala ya kukata nyuzi. Nahodha alinung'unika, na haki alikuwa nayo, maana tundu dogo kwenye wavu wa dagaa hupitisha samaki wengi na kulishona ni kazi ya kukaa chini kwa sindano wakati wenzako wanapumzika. Nilimwahidi kwamba nitalishona mwenyewe, nikalishona.

Jambo la pili ni rangi, nayo haisubiri. Alipokuwa hai alikuwa na mistari mipana ya kijivu iliyoshuka kutoka mgongoni hadi tumboni, hafifu lakini ya kuonekana. Tulipofika ufukweni mistari hiyo ilikuwa imetoweka na mwili wote umebaki rangi moja ya fedha. Kwa hiyo picha za kwanza hupigwa palepale chomboni, hata kama mkono unatikisika na mwanga ni mdogo, kwa kuwa kazi yake ni kuhifadhi rangi tu. Picha za kupimia zinaweza kungoja nchi kavu, mradi samaki awekwe kwenye barafu mara moja na asipondwe na wenzake. Mimi nilimfunga kwa kitambaa kilicholowa maji ya bahari, nyuzi nikazilaza kando ya mwili bila kuzikunja, kisha nikamweka juu ya barafu peke yake.

Siku hiyo nilizisambaza picha zile za chomboni kwa kila niliyemjua anayejihusisha na samaki. Majina yalikuja haraka, na kadiri yalivyokuja haraka ndivyo yalivyotofautiana. Mmoja alisema ni samaki kipepeo kwa kuwa ni bapa. Mwingine aliona nyuzi akasema ni mnyama wa jamii ya konyeza, yule laini anayewasha ngozi, ingawa macho na mapezi yalikuwa wazi pichani. Mzamiaji mmoja alisema kwa uhakika mkubwa kwamba ni samaki wa jenasi ya Zeus, jamii ambayo nayo ina mwili bapa na nyuzi mgongoni. Walikuwepo pia waliosema ni samaki mpya kabisa ambaye dunia haijamwona, na sitaficha kwamba hao ndio niliopenda kuwasikiliza. Kwa usiku kadhaa nililala nikiwaza habari hiyo, nikakereka na kila aliyesema jina la kawaida.

Baadaye nilikuja kumhurumia yule mzamiaji. Mtaalamu wa Kijerumani Marcus Bloch, aliyemwandika samaki huyu kitaalamu mwaka 1787, naye alimweka katika Zeus. Umbo lilimpeleka huko kama lilivyompeleka mzamiaji wetu zaidi ya karne mbili baadaye.

Mtu aliyelibadilisha suala hili alikuwa mtafiti wa samaki katika jumba la makumbusho, ambaye nilifikishiwa kwake na rafiki wa rafiki. Hakunipa jina. Alinijibu kwa maswali: "Kaka, samaki mwenyewe bado unaye? Mbele ya pezi la chini, kuna miiba midogo iliyojitenga na pezi? Mkia umegawanyika? Kwenye shina la mkia, ukipitisha kidole kutoka mkiani kuelekea kichwani, kuna kitu kinachokwaruza?" Nilimtoa samaki kwenye barafu nikatazama. Miiba ilikuwepo miwili, mifupi, ikiwa mbele ya pezi la chini na pengo dogo kati. Mkia ulikuwa umegawanyika kama uma. Na kwenye shina la mkia, pale mstari wa ubavuni unaponyooka, kidole kilikwama kidogo kwenye magamba magumu machache.

"Basi huyo ni kolekole," aliniandikia. "Ni mtoto."

Nilivunjika moyo. Kolekole tunamvua, tunamjua, na huyu hakufanana naye hata kidogo. Lakini alama zile ni za kawaida katika jamii ya kolekole, inayoitwa Carangidae: miiba miwili iliyojitenga mbele ya pezi la chini, shina jembamba la mkia, na kwa wengi wao, magamba magumu kwenye mstari wa ubavuni. Umbo la jumla hubadilika sana kadiri samaki anavyokua, ilhali mpangilio wa mapezi na miiba haudanganyi kwa urahisi. Ndiyo sababu mtaalamu huanza na mapezi wakati sisi tunaanza na kinachoshangaza. Hata hizo alama zina umri wake, kwani katika kundi hili la kolekole wenye nyuzi ile miiba miwili humezwa na ngozi samaki anapokua, na magamba ya mwili wake ni madogo mno na yamezama hivi kwamba ngozi inaonekana kama haina magamba. Mtu akikuletea aliyekomaa na ukaikosa miiba, usimwondoe katika jamii hiyo kwa sababu hiyo pekee.

Nilipoingia kwenye FishBase, hazina ya taarifa za samaki inayopatikana bure mtandaoni, nikaandika jina "kolekole", niliona kwa nini mtafiti hakuishia hapo. Jina letu hilo limebeba aina nyingi kwa pamoja. Njia iliyonisaidia ilikuwa kutafuta kwa jina la jamii, Carangidae, kisha kupitia picha za wachanga na si za wakubwa tu. Hapo nyuzi zilijitokeza katika jenasi moja, Alectis, yenye aina tatu. Ya kwanza, Alectis ciliaris, inaishi katika bahari za joto duniani kote. Ya pili, Alectis indica, ni ya Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki. Ya tatu, Alectis alexandrina, ni ya mashariki mwa Atlantiki na Mediterania, kwa hiyo bahari tuliyovulia ilitosha kuiondoa. Zilibaki mbili, na watoto wa aina hizo mbili wote wana nyuzi, wote ni bapa, wote wana rangi ya fedha.

Hapa ndipo picha zangu za kwanza zilipokoma kufaa. Mtafiti aliniambia waziwazi kwamba kwa picha hizo hawezi kusema zaidi ya jina la jenasi, na akanieleza zile anazohitaji. Nitazieleza kwa kirefu kwa sababu ndizo zilizoamua mambo.

Samaki hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa kikielekea kushoto, ili ubavu wa kushoto ndio upigwe picha. Huo ni utaratibu wa wataalamu wa samaki popote walipo, na faida yake ni kwamba picha yako inaweza kulinganishwa moja kwa moja na nyingine. Nilimweka juu ya kipande cha sponji ngumu yenye rangi moja, nikayanyoosha mapezi na kuyashikilia kwa pini zilizochomwa kwenye sponji nyuma ya vijiti vya pezi, si kwenye nyama. Rula ililala kando yake, ikiwa kwenye kimo kilekile cha ubavu, maana rula ikiwa chini zaidi ya samaki inaonekana fupi na vipimo vyote vinaharibika. Nilifanya kazi kivulini mchana, bila kuwasha taa ya simu, kwa kuwa samaki wa fedha akipigwa na mwanga mkali hugeuka kioo na hakuna kinachoonekana. Simu nilisimama nayo wima juu ya katikati ya mwili, mbali kidogo, nikakuza picha badala ya kusogea, kwa sababu kamera iliyo karibu sana huvimbisha kilicho katikati na kukipunguza kilicho pembeni.

Baada ya picha ya mwili mzima nilipiga kichwa peke yake, kisha mdomo, kisha tumbo, kisha shina la mkia. Wakati wa kuzituma nilizituma kupitia WhatsApp kama hati na si kama picha, kwa kuwa ukituma kwa njia ya kawaida picha hupunguzwa ukubwa na vitu vidogo kama miiba huwa ukungu. Niliandika pia kina cha maji, aina ya wavu, saa tuliyovua, na samaki wengine tuliowapata pamoja naye. Urefu niliupima kutoka ncha ya pua hadi kwenye panda ya mkia, nyuzi zikiachwa nje ya hesabu, na nikaandika kwamba nimepima hivyo, kwa maana namba isiyoeleza ilipimwa kutoka wapi hadi wapi haimsaidii mtu.

Alama ya kwanza inayozitenganisha aina hizo mbili iko kati ya jicho na mdomo. Unapima urefu wa taya la juu, kisha unapima kimo cha uso chini ya jicho, yaani kutoka ukingo wa chini wa jicho hadi ukingo wa mfupa ulio juu ya taya. Katika Alectis ciliaris sehemu hiyo ni nyembamba, hivyo inaingia kwenye urefu wa taya mara 1.7 hadi 3. Katika Alectis indica ni pana, na inakaribia kulingana na taya lenyewe, au inalizidi kidogo. Kwa samaki wangu taya lilikuwa milimita 18 na sehemu ya chini ya jicho milimita 8, yaani mara 2.25. Jibu lilielekea ciliaris.

Hata hivyo mtafiti hakulikubali peke yake. Kwanza, samaki alikuwa mdogo, na kosa la milimita 1 tu kwenye 8 linasogeza uwiano kwa kiasi kikubwa. Pili, aliniomba nipime pia kwenye ile picha ya chomboni ambamo kichwa kilikuwa kimeinama. Uwiano ulitoka tofauti kabisa, kwa samaki yuleyule. Kwa hiyo kipimo hicho kina maana pale tu kichwa kinapoonekana ubavu kamili, na picha iliyoinama inaweza kukupa jina la samaki mwingine bila wewe kushtuka.

Alama ya pili haiwezi kuonekana katika picha yoyote ya nje. Ukiinua kifuniko cha matamvua unaona matao ya mfupa, kila moja likiwa na matamvua mekundu upande wa nje na, upande wa ndani unaotazama mdomoni, safu ya vijino vigumu vinavyozuia chakula kisitoke na maji. Vijino hivyo huhesabika. Katika tao la kwanza, lile la nje kabisa, unatafuta kona ambapo tao limekunjwa, kisha unahesabu mkono wa juu na mkono wa chini kila mmoja peke yake. Alectis ciliaris ina vijino 4 hadi 6 juu na 12 hadi 17 chini. Alectis indica ina 8 hadi 11 juu na 21 hadi 26 chini. Namba hizo hazigusani, na uzuri wake ni kwamba hazitegemei pembe ya kamera wala uzuri wa rula.

Kwa samaki wa sentimita 14 kazi hiyo si rahisi kama inavyosomeka. Nilifungua upande wa kulia, ubavu ambao haukupigwa picha, ili ule wa kushoto ubaki mzima. Nilikata tao la kwanza juu na chini kwa mkasi mdogo, nikalisuuza, nikaliweka kwenye kisahani cheupe chenye maji kidogo, kwa sababu likiwa hewani vijino hushikamana na huwezi kuvitenganisha. Nikavihesabu kwa kuvigusa kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, huku simu ikikuza. Mkono wa juu ulikuwa na 5. Wa chini ulinipa 14 mara moja na 15 nilipohesabu tena.

Nilipomweleza mtafiti juu ya tofauti hiyo nilidhani atanikemea, lakini alisema ndivyo inavyokuwa. Kwenye mwisho wa safu huwa kuna vijino vilivyodumaa, vifupi kuliko upana wake, ambavyo havihesabiwi, na kimoja hukaa mpakani. Pia kijino kilicho kwenye kona hasa huhesabiwa na mkono wa chini. Lililo muhimu ni kwamba 14 na 15 zote ziko ndani ya mpaka wa ciliaris na mbali sana na 21. Hapo ndipo alipoandika jina kwa ukamilifu: Alectis ciliaris, mchanga.

Bila mwili wa samaki tusingefika hapo, na ndiyo sababu swali lake la kwanza lilikuwa kama bado ninaye. Historia ya silikanti, samaki wa kale aliyedhaniwa kuwa alishatoweka duniani, inafahamika kwa wengi: tarehe 22 Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer alimkuta katika samaki walioletwa na meli ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini, akamchora na kumtumia barua mtaalamu J. L. B. Smith. Alikosa mahali pa kumgandisha, na Smith alipofika Februari 1939 viungo vya ndani vilikuwa vimekwisha kutupwa. Mchoro ulitosha kumfanya Smith ashtuke, lakini viungo vya ndani havikuweza kuchunguzwa hadi samaki mwingine alipopatikana Komoro mwaka 1952. Mimi nilikuwa na bahati ya friza ya jirani. Kama utahitaji kumhifadhi samaki kwa muda, mgandishe akiwa amelala, ndani ya mifuko miwili, mapezi yakiwa yamekunjwa kidogo tu, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli ndani ya mfuko, kwa kuwa wino huyeyuka. Dawa kali za kuhifadhia waachie wenye mafunzo.

Habari ilipomfikia nahodha, hakukubali. Alisema kolekole wenye umbo la pembe pana, wale wa fedha wanaofikia zaidi ya mita moja, amewauza maisha yake yote na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uzi. Nilimwelewa, kwa kuwa aliyekomaa na mtoto ukiwaweka pamoja mezani akili inakataa. Nyuzi hupungua kadiri mwili unavyokua, na mchanga anayeelea juu ya maji ya kina akiburuta nyuzi hizo hawi tena mahali pamoja na mkubwa anayekaa chini karibu na miamba. Chombo cha dagaa humpata mmoja, mshipi wa miambani humpata mwingine, na anayekosekana ni wa katikati.

Niliwaomba wenzangu wa mishipi waniwekee kolekole yeyote bapa mwenye kitu chochote kinachoning'inia kwenye pezi, na nikawaeleza kwamba simnunui, nataka kumpima tu. Iliwachosha wengine, na wapo walioacha kunijibu. Mmoja aliniita siku ambayo sikuwa nikitarajia. Alikuwa na samaki wa urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko, mwenye paji la uso la mviringo, na kwenye vijiti vya mbele vya pezi la mgongoni kulikuwa na mabaki ya nyuzi, mengine mafupi kuliko kidole. Miiba ile miwili ya chini sikuiona tena, ila ukipapasa kwa ukucha ulihisi kitu kigumu chini ya ngozi. Nilimwomba tao la kwanza la matamvua. Vijino vya chini vilikuwa 16.

Nahodha alikuja akamgeuza samaki huyo pande zote mbili, akavuta kile kiuzi kwa vidole viwili. "Kumbe tumekuwa tukiwatupa watoto wake," alisema, kisha akauliza kama nimemaliza kupima ili mwenye samaki ampeleke sokoni kabla barafu haijaisha.

Tangu wakati huo watu hunitumia picha za samaki wenye nyuzi. Ya karibuni ilitoka kwa kijana wa chombo kingine: samaki mdogo ameshikwa mkononi, kichwa kimeinamia kamera, matamvua yamefunikwa, na samaki mwenyewe ameshakaangwa. Nilimjibu kwamba ni Alectis na kwamba zaidi ya hapo siwezi kusema. Aliniuliza kwa nini nisimwite tu ciliaris kama wangu. Nilimwambia akimpata mwingine ainue kifuniko cha matamvua kabla ya kuwasha jiko.